Simu ipi inashika mtandao kwenye netiweki hafifu: ya fremu ya chuma au ya plastiki?

Jirani_wa_Mlima
Wakuu, nina simu janja mbili na nataka kubaki na moja. Ninapokaa netiweki ni ya kubahatisha. Nimetumia laini ileile, nikaihamisha, na simu zote niliziweka juu ya meza moja. Kwenye Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, ya plastiki inasoma -85 dBm, ya chuma -108 dBm, na namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi. Hapo nimeshaamua kubaki na ya plastiki, labda mniambie vingine. Kinachonishangaza ni kwamba ya chuma ndiyo haikati maongezi, ila nikiishika mkononi tu.

Chuma_Chakavu
Jibu unalo mwenyewe. Chuma huzuia mawimbi. Chukua ya plastiki.

Mzee wa Antena
Polepole, Chuma. Ni kweli kibati kikifunika antena hakuna kitu kinachopita. Lakini kwenye simu hizi fremu yenyewe ndiyo antena. Tazama ukingoni utaona vijistari vya plastiki vinavyoikata fremu vipande vipande. Mawimbi ya megahezi 700 yana urefu wa sentimita 43 hivi, na robo yake ni karibu sentimita 11. Kipande kirefu kama hicho utakipata wapi ndani ya simu iliyojaa betri? Ndiyo maana antena wakaipeleka ukingoni.

Jirani, kabla hujaamua: wakati unasoma namba hizo, kila simu ilikuwa kwenye 2G au 4G?

Jirani_wa_Mlima
Ya plastiki 2G, ya chuma 4G. Kuna tofauti, mzee?

Mzee wa Antena
Kubwa sana. Kwenye 2G simu inapima nguvu ya chaneli nzima. Kwenye 4G namba unayoiona ni ya uzi mmoja mwembamba wa kilohezi 15, na mtandao wa upana wa megahezi 10 una nyuzi 600 kama huo. Mnara ukiwa na kazi nyingi, jumla yake inafika desibeli 28 juu ya namba unayoisoma. Kwa hiyo -108 yako inaweza kuwa -80 kwa jumla. Usizilinganishe kabisa hizo mbili.

Zilazimishe zote ziwe 4G, halafu soma tena. Na usisomee sehemu moja tu. Sogeza simu kiganja kimoja au viwili, maana mawimbi yanayogonga kuta na kurudi huwa yanafutana mahali fulani, hatua moja mbele yakawa mazima. Chukua wastani.

Salma_K
Samahani, zile stika za dhahabu za kubandika chini ya betri zinaongeza netiweki? Naona zinauzwa.

Mzee wa Antena
Hapana dada. Haijaunganishwa na chochote. Ikibahatika kukaa karibu na antena, inaweza kuivuruga.

Jirani_wa_Mlima
Nimerudi. Zote 4G, nimezunguka chumba kizima. Ya chuma wastani -109. Ya plastiki -119, mara inaandika hakuna huduma. Sasa sielewi, mbona plastiki ndiyo imeshindwa?

Mzee wa Antena
Angalia orodha ya bendi za kila simu. Naotea ya plastiki haina bendi 28.

Jirani_wa_Mlima
Kweli! Ina 1, 3 na 7 tu. Ya chuma ina 28.

Mzee wa Antena
Basi si plastiki wala chuma. Bendi 28 ni megahezi 700, inafika mbali na inapenya kuta. Bendi 3 ni 1800, na 7 ni 2600; zinachoka mapema. Simu isiyo na 28 haiusikii kabisa mnara wa bendi hiyo hata ingekuwa na antena ya ajabu, ndiyo maana yako ilikuwa inakimbilia 2G.

Ukiishika je? Soma huku umeikumbatia kama unavyopiga.

Jirani_wa_Mlima
Nikifunika chini inashuka hadi -118. Nikishika katikati kwa vidole inabaki -111.

Mzee wa Antena
Hapo ndipo maongezi yanapokatika. Desibeli 9 ni kubaki na sehemu moja ya nane ya nguvu. Mkono unaihamisha antena kutoka kwenye masafa yake na unameza mawimbi. Simu nyingine huhamia antena ya juu zikiona ya chini imefunikwa, yako haionyeshi kama inawahi. Tumia spika au hedifoni za waya, uiache mezani. Hakikisha na VoLTE, yaani kupiga kupitia 4G, imewashwa, la sivyo ukipiga itashuka kutafuta 2G au 3G.

Chuma_Chakavu
Sawa nimekubali, ila kitochi changu cha plastiki bado kinawashinda nyote.

Mzee wa Antena
Hilo sibishi. Kwenye 2G ya 900 kinaruhusiwa kurusha hadi wati 2, simu ya 4G kwa kawaida ni wati 0.2. Kinarusha kwa vipindi, lakini mnara unakisikia.

Salma_K
Mimi netiweki imejaa mistari yote na bado inakata jioni tu, asubuhi safi. Simu ni hiyohiyo.

Mzee wa Antena
Ya kwako haifanani na ya Jirani. Soma dBm asubuhi na jioni. Kama hazibadiliki, antena haina kosa. Mnara umeelemewa au kuna mwingiliano. Kipi kati ya hivyo, kwa namba hiyo pekee huwezi kujua.