Mrejesho: taarifa ya ugonjwa kwa mwajiri

Niliuliza: "Mwajiri wangu hajui Kiswahili. Nimwandikieje kwamba naumwa, kwa ufupi, mshahara usivurugike?"

Asanteni, nimeshapona. Niliandika mistari minne kwa lugha yao: jina, namba ya mfanyakazi, tarehe, na kwamba cheti cha daktari nimekiambatisha. Ugonjwa wenyewe sikuutaja, na hakuna aliyeuliza.

Kilichokwama ni tarehe. Niliandika 03/06 hadi 05/06. Mhasibu, ambaye kwao mwezi hutangulia, akasoma Machi 6 hadi Mei 6. Miezi miwili, jamani! Nikarekebisha, mwezi kwa jina lake: "Sikuwepo kuanzia 3 Juni hadi 5 Juni, tarehe zote mbili zikihesabiwa, siku 3 za kazi. Narudi 6 Juni." Mshahara umeingia sawasawa.