Naomba ushauri: barua ya kutangaza ratiba mpya ya kuchapisha makala

Wakuu, naomba mnisaidie kuipima barua ninayowaandalia wafanyakazi wa kitengo chetu cha habari. Ukaguzi wa mtiririko wa kazi umeonyesha kwamba makala hazicheleweshwi na uandishi, bali hukwama kwa mhariri, kwa kuwa zote humfikia kwa mkupuo saa kumi jioni.

Kwa ratiba mpya, makala zitatoka saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Mwandishi wa makala ya asubuhi atakabidhi rasimu kamili, pamoja na picha na maelezo yake, kabla ya saa sita mchana wa siku iliyotangulia, na mhariri ataidhinisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Ile ya alasiri itakabidhiwa jioni hiyohiyo na kuhaririwa asubuhi. Habari za dharura hazitahusika.

Ninachosisitiza ni kutaja waziwazi kazi zinazokoma, yaani ripoti ya jioni ya kila mwandishi na kutumiana rasimu kwa simu, kwani barua inayoorodhesha majukumu mapya pekee huwafanya watu wabebe yote mawili, ya zamani na mapya.

Nimekwama kwenye maelezo ya chanzo. Nikiandika kwamba kazi hukwama kwa mhariri, ambaye ni mmoja tu, kila msomaji atajua ni nani anayelengwa. Nikikaa kimya, waandishi wataona wameongezewa masharti bila sababu. Je, nizungumze naye kwanza, kisha barua itaje saa ya msongamano pekee?