Tupeane uzoefu: mifugo kuingia mashambani, naandika barua kwa viongozi wa kijiji

mfugaji_halisi: Wakuu mimi nafuga ng'ombe na mbuzi, msimu huu mifugo imeingia mashamba ya watu mara kibao na kila mara inakuwa kushikiana mapanga. Rasimu ya barua hii hapa:

"Ndugu viongozi, mfugo ukila mazao mwenye mfugo alipe, hilo hatulikatai. Tunaomba tukae na wakulima tukubaliane. Mtoto asichunge peke yake wakati mazao yapo shambani. Njia ya kwenda kunywesha ipimwe upya na iwekewe alama, maana kila msimu inalimwa pembeni mpaka ng'ombe wanapita mmoja mmoja. Uharibifu ukaguliwe siku hiyohiyo pande zote zikiwepo. Mfugo uliokamatwa ukae zizi la kijiji upewe maji, usikatwe panga."

Kwenu mlifanyaje, nimesahau nini?

mama_shamba: Umesahau mavuno. Kwetu wengine wakishavuna mifugo inafunguliwa ile mabua, mimi mbaazi zangu bado zimesimama, zikaisha zote. Itangazwe siku moja ya kufungulia na ambao hawajamaliza wajulikane.

kijana_jembe: Mahindi madogo yakiliwa mbona yanachipua tu, hapo hakuna cha kulipa

mzee_wa_kamati: Sio yote kijana. Hindi likiwa na majani matano hivi kile kiini chake bado kiko chini ya udongo, mbuzi akikata juu linarudi. Likishapita hapo kiini kimepanda, likikatwa ndo basi. Na ng'ombe anang'oa na mizizi, lililong'oka halichipui. Ndo maana sisi tunakagua mara mbili. Kuna kesi mbuzi walipita mistari 20 yenye mashina kama 30 kila mmoja, siku ileile tukahesabu mashina 600 yameliwa na wote wawili wakaweka saini, mkulima anadai yote. Wiki mbili baadae tukarudi, 400 yamechipua, yakabaki 200. Hakulipwa hela palepale, tulisubiri mavuno tukavuna mashina 200 ya jirani ambayo hayakuguswa, tukapima kwa debe, mfugaji akatoa kiasi hicho hicho cha mahindi. Mkikagua mara moja tu lazima mmoja aonewe.

kijana_jembe: ila hayo 400 si yanachelewa kukomaa, mvua ikikata mapema je

mzee_wa_kamati: Kweli, na hilo hatujalipatia dawa.

pori_kwa_pori: Sasa nyani nao nimdai nani? Wamemaliza shamba langu lote

mama_shamba: Hapa ni mifugo yenye mwenyewe ndugu

mfugaji_halisi: Mzee asante sana, ukaguzi wa mara mbili naongeza na siku ya mabua pia. Kingine, mbuzi wa watu watatu wakichanganyika wakaingia pamoja nani analipa? Nawaza kugawana kwa idadi ya vichwa

mama_shamba: Nakataa, alipe aliyekuwa anachunga siku hiyo, la sivyo hakuna atakayekaa macho

mzee_wa_kamati: Sisi tunagawa kwa vichwa, mwenye wengi analalamika kila msimu. Anayechunga mara nyingi ni kibarua, utamdai nini?