Maandamano ya Juni 2024 nchini Kenya yaliwafunza vijana nini?

Mkazi wa Thika: Naambiwa maandamano ya kupinga kodi za Mswada wa Fedha yalikuwa darasa la uraia. Mimi niliona hasira tu. Vijana walijifunza nini hasa?

Kijana wa Kayole: Kwamba nguvu ni yetu. Tulitoka tarehe 25 Juni, kesho yake Rais akaufuta mswada.

Karani Mstaafu: Hakuufuta, mwanangu. Alikataa kuutia saini, akaurudisha bungeni chini ya Kifungu cha 115 cha Katiba akitaka vipengele vyote viondolewe. Usiidharau tofauti hiyo. Baadhi ya mapendekezo yalirudi Desemba mwaka huohuo ndani ya sheria nyingine ya kodi, na barabara zilikuwa kimya.

Hata hivyo, kujifunza kulikuwepo. Vijana waliutafsiri mswada kwa lugha za kwao na kuuchambua kipengele kwa kipengele. Kosa lao lilikuwa la kalenda. Mswada hutakiwa kufika bungeni kabla ya Mei, kisha Kamati ya Fedha hupokea maoni ya umma. Barabara zilipojaa tarehe 18 Juni, muda wa maoni ulikuwa umepita. Ushuru wa asilimia 16 wa mkate uliondolewa siku hiyo, lakini mengi yalibaki, na kilichosalia kilikuwa kura za wabunge. Tarehe 25 waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106.

Mama wa Likoni: Mwanangu alirudi macho yamevimba kwa gesi ya kutoa machozi. Siku hizi anajua kamati zote za bunge, na ninafurahi. Lakini wenzake wengine hawakurudi kabisa. Nawaomba msipaite darasa mahali ambapo watoto wanapigwa risasi.

Mhasibu wa Nakuru: Pole sana, mama. Hilo halina jibu. Ila kwa swali la Thika, tazama mwaka uliofuata. Mei 2025, kamati ikiwa bado inapokea maoni kuhusu Mswada wa Fedha wa mwaka huo, msanidi programu mmoja alitengeneza tovuti ya kumsaidia mwananchi kutuma pingamizi lake kwa barua pepe. Alikamatwa, kisha mahakama ikayatupa mashtaka. Kamati nayo ikakikataa kipengele ambacho kingeiruhusu mamlaka ya kodi kuchungulia data za wateja wa biashara. Sidai tovuti ndiyo iliyoshinda, maana hata wafanyabiashara walikipinga. Ninachosema ni kwamba safari hii watu walifika mlango ukiwa wazi.

Mkazi wa Thika: Wenye simu nzuri, sawa. Kwetu hakuna kijana anayefuatilia hata bajeti ya kaunti.

Kijana wa Kayole: Karani, kaunti hupokea maoni lini?

Karani Mstaafu: Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa hiyo nenda Mei. Uliza ofisi ya karani wa bunge la kaunti tarehe ya kikao. Tangazo hutoka siku chache kabla, na mara nyingi nimekuta ukumbi una wazee watupu.

Mkazi wa Thika: Na nikisema, wanalazimika kunisikiliza?

Karani Mstaafu: Kukusikiliza, ndiyo. Kukubaliana nawe, hapana.