Mrejesho: mdogo wangu aliyetoka wodini, Tanga

Niliuliza: "Mdogo wangu katoka wodini, wamesema ni ugonjwa wa akili, skizofrenia. Dawa anameza, ila baba anamfokea kuwa mvivu na mama hamwachi hata dakika. Tufanyeje?"

Asanteni sana wadau, hasa dada aliyesema twende kliniki familia nzima. Muuguzi alimweleza baba kwamba kukosa ari na kulala sana ni dalili za ugonjwa, pengine na dawa, si uvivu. Akamfundisha kuomba jambo moja dogo kwa sauti ya kawaida: "Ukinichotea ndoo moja nitafurahi." Kufoka kumepungua, na dogo sasa anakula nasi. Ule ushauri wenu kwamba dogo asikae na mtu anayemlaumu zaidi ya saa 35 kwa wiki, maana lawama zinaweza kumrudisha wodini, nao tumeufuata: mchana anashinda kwa shangazi, Chumbageni.

Kwa mama bado ngumu. Anamlisha, anamwogesha, analala mlangoni kwake; ukimwambia huko kuzidisha nako kunaweza kumrudisha wodini, analia. Muuguzi kasema tuanze na dogo kuoga mwenyewe.

Sauti ambazo sisi hatuzisikii bado anazisikia jioni. Hatumbishii, tunamuuliza tu kama zinamtisha. Usingizi ukianza kupotea tena, tumeambiwa tusisubiri tarehe ya kliniki.