Naomba ushauri: antena ya nusu wimbi inasikika hata kwenye ncha zake
Wakuu, nina antena ya nusu wimbi ya 145 MHz, waya wa kama mita 1 uliolazwa mlalo. Nadharia naielewa: wimbi hubeba mtikisiko wa elektroni unaoonekana kwa ubavu tu. Ukitazama kutoka nchani, elektroni zinakuja na kurudi kwenye mstari wa macho yako, kwa hiyo nguvu ni sifuri. Nyuzi 30 kutoka mhimili, fomula inatoa takriban 17% tu ya nguvu ya ubavuni.

Lakini kipokezi kikiwa nchani kabisa bado kinapata mawimbi, na antena yake nikiisimamisha wima yanaongezeka! Nashuku kebo inayoning'inia wima nayo inarusha. Au ni ukuta unaakisi? Nitatofautishaje? Nikivisha kebo pete za feraiti, zikae karibu na antena au chini?