Kuondoa tangazo la mdhamini katikati ya podikasti ya video: Resolve, Kdenlive au ffmpeg?

Msimulizi_wa_Kinondoni:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina kipindi cha podikasti cha video chenye saa 2 na dakika 14. Katikati yake mtangazaji anasoma tangazo la mdhamini ambaye mkataba wake umekwisha, naye ameomba liondolewe kabla ya Ijumaa. Ninasitasita kati ya DaVinci Resolve ya bure, Kdenlive, na amri ya ffmpeg. Ninachotaka ni kwamba kipande kikishatoka, kilichobaki kisogee mbele na kuziba pengo, na sauti za pande mbili zipishane pale kwenye kiungo ili msikilizaji asishtuke. Ipi itanifaa?

FundiSauti:
Hujatuambia mambo ambayo ndiyo yanayoamua jibu. Je, una mradi wa awali wenye treki ya kila maikrofoni, au una faili moja ya mp4 tu? Je, kuna muziki unaopita chini ya tangazo? Na je, kipindi kimeshapandishwa au bado kiko kwako?

Pwani_Huria:
Tumia Kdenlive, kaka. Unaweka alama ya mwanzo kwa `I`, alama ya mwisho kwa `O`, kisha unabonyeza `Shift+X`. Kipande kinatoka na pengo linazibwa papo hapo. Hakikisha tu kwamba treki zote zimewashwa kabla ya kubonyeza, kwa sababu treki iliyozimwa itabaki mahali pake huku nyingine zikisogea. Kisha weka mpishano wa sekunde nzima kwenye kiungo, sauti na picha pamoja, na hakuna atakayejua kwamba kitu kimeondolewa.

FundiSauti:
Kuhusu treki uko sahihi kabisa, lakini mpishano wa sekunde nzima utamwaibisha. Ili sauti mbili zipishane, programu inahitaji sauti ya ziada kutoka nje ya mkato, na nje ya mkato huo ndipo lilipo tangazo lenyewe. Kwa hiyo kadiri mpishano unavyorefuka ndivyo unavyorudisha silabi ya kwanza ya jina la mdhamini, ikisikika kwa mbali kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Kwa sauti ya mtu, fremu 2 hadi 4 zinatosha, mradi umekata palipo kimya.

Na picha usiipishe hata kidogo kama kamera ni ileile, maana utaona vichwa viwili vya mtu mmoja vikiyeyuka kimoja ndani ya kingine. Ni afadhali mkato mkavu, au upande wa pili wa kiungo uukuze kidogo uonekane kama kamera nyingine.

Mkazi_wa_Nyamagana:
Mbona mnajisumbua? Mimi nimeweka SponsorBlock kwenye kivinjari changu na matangazo ya namna hiyo yanarukwa yenyewe.

FundiSauti:
Hiyo inamsaidia mtazamaji aliyeiweka, ndugu yangu. Mwenzetu ndiye mwenye kipindi, na mdhamini anataka tangazo lisiwepo kwa mtazamaji yeyote.

Bi_Mhariri:
Naomba nieleze yaliyonipata na ffmpeg, ili mwenzetu asiyarudie. Nilikuwa na kipindi cha saa moja na nusu chenye matangazo mawili. Picha niliziunganisha kwa `concat`, na sauti kwa `acrossfade` ya nusu sekunde. Niliangalia viungo vyote viwili, nikaridhika, nikakabidhi kazi. Siku ya pili mwenye kipindi akanipigia akisema kwamba mgeni wake anasikika kabla hajafungua mdomo. Nilikwenda mwisho wa faili na kukuta sauti imeitangulia picha kwa sekunde nzima.

Sababu ni kwamba `acrossfade` hulaza mwisho wa kipande cha kwanza juu ya mwanzo wa cha pili, hivyo sauti hupungua urefu kwa kiasi cha mpishano, ilhali picha haipungui. Nusu sekunde kwa kila kiungo, viungo viwili, sekunde moja. Kwenye kiungo chenyewe sikuliona kosa kwa sababu niliangalia sekunde chache tu, na mgeni alikuwa ameinamisha kichwa. Tangu siku hiyo huwa sikabidhi faili kabla ya kuangalia midomo katika dakika ya mwisho.

Dawa yake ni kuiongezea sauti nusu ya mpishano kila upande. Tuseme tangazo linaanza 0:41:12 na kuisha 0:42:47, yaani sekunde ya 2472 hadi ya 2567, na mpishano ni sekunde 0.08:

```
ffmpeg -i kipindi.mp4 -filter_complex "
[0:v]trim=end=2472,setpts=PTS-STARTPTS[v1];
[0:v]trim=start=2567,setpts=PTS-STARTPTS[v2];
[v1][v2]concat=n=2:v=1:a=0[v];
[0:a]atrim=end=2472.04,asetpts=PTS-STARTPTS[a1];
[0:a]atrim=start=2566.96,asetpts=PTS-STARTPTS[a2];
[a1][a2]acrossfade=d=0.08:c1=qsin:c2=qsin[a]" \
-map "[v]" -map "[a]" kipya.mp4
```

Nimeweka `qsin` kwa sababu mpishano wa mstari mnyoofu, ambao ndio chaguo-msingi, huifanya sauti ya chumba izame kidogo katikati ya kiungo.

Msimulizi_wa_Kinondoni:
Nawashukuru sana, na nisameheni kwa kutosema mapema. Nina mp4 moja tu. Mradi wa awali ulifutwa. Muziki upo, unaanza na tangazo na unafifia chini ya maneno ya kwanza ya mtangazaji anaporudi kwenye mazungumzo. Na kipindi kiko YouTube tangu miezi miwili iliyopita.

Bi_Mhariri:
Basi swali si lile uliloleta. Ukipandisha faili mpya utapata kiungo kipya cha mtandaoni, na maoni yote ya watazamaji yatabaki kwenye video ya zamani. Kihariri cha YouTube Studio kinaweza kukata katikati na kuacha anwani ileile, ila hakina mpishano wa sauti, kwa hiyo utapata mkato mkavu. Pia, kama video imetazamwa zaidi ya mara 100,000 na chaneli haimo katika mpango wa washirika, huenda ikakataa kuhifadhi. Vyovyote utakavyofanya, rekebisha saa za sura kwenye maelezo: sura iliyokuwa 1:03:20 sasa itakuwa 1:01:45, na manukuu uliyoyaandika kando nayo yarudishwe nyuma dakika 1 na sekunde 35.

Pwani_Huria:
Mkato mkavu kwenye muziki unaofifia utasikika kama mlango uliofungwa ghafla. Mimi ningepandisha upya tu, nikahariri kwa Kdenlive.

FundiSauti:
Kdenlive, Resolve, zote zitamfikisha; ndani ya Resolve ni `Delete` inayoziba pengo, na `Backspace` inayoliacha wazi. Ugumu wake uko kwenye ule mkia wa muziki, kwa sababu katika mp4 moja ni vigumu kuutenganisha kwa usafi na sauti ya mtangazaji. Sogeza mkato wa mwisho mbele hadi muziki umalizike, hata kama utapoteza maneno ya kumkaribisha tena mgeni. Kisha sikiliza pumzi: ukibakisha pumzi mwishoni mwa upande wa kwanza na nyingine mwanzoni mwa upande wa pili, itasikika kama mtu anayehema. Bakisha ya upande wa pili pekee.

Msimulizi_wa_Kinondoni:
Nimejaribu sasa hivi. Muziki unaisha 0:42:53, lakini saa hiyo mtangazaji ameshaanza swali lake. Nikikata hapo, swali linaanzia katikati. Nikikata mapema, gitaa linasikika chini ya neno la kwanza. Nimemwandikia mdhamini kumuuliza kama anwani ya video ni lazima ibaki ileile. Nitarudi akijibu.

Bi_Mhariri:
Mgeni anajibu nini? Kama jibu lake linaeleweka bila swali, kata hadi pale anapoanza yeye.